Kikao kazi cha mwaka nje ya ofisi: namna ya kuandaa bajeti ambayo mkurugenzi mbana matumizi ataisaini

Bajeti yangu ya kwanza ya kikao kazi cha mwaka ilirudi mezani kwangu ikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Mstari haukuchorwa kwenye jumla. Ulichorwa chini ya maneno niliyoyaandika kwenye safu ya malengo, "kujenga timu na kuongeza ari ya kazi", na pembeni mkurugenzi akauliza: "Kwa shilingi milioni kumi na saba?"

Jumla yenyewe ilikuwa 17,842,000 kwa watumishi 24, siku tatu Morogoro. Wiki tatu baadaye alisaini 6,552,000 kwa watu walewale na mji uleule. Nitaeleza hatua nilizopita katikati, kwa sababu ndizo ninazozirudia kila mwaka. Bei nitakazotaja ni za kikao chetu. Wewe weka za profoma zako, yaani bei ambazo hoteli zitakuandikia kabla ya kulipa.

Ofisi yetu ni asasi ya kawaida: watu 16 wapo Dar es Salaam na wanane wapo Dodoma. Kila mwaka mwezi wa Novemba tunatakiwa kukamilisha mpango kazi na bajeti ya mwaka unaofuata.

Hatua ya kwanza: andika maamuzi kabla ya kuandika hela

Chukua karatasi, uandike ni maamuzi gani yatakayokuwa yamefanyika siku ya kurudi ambayo leo hayajafanyika. Usiandike mada wala "kujadili". Andika maamuzi. Mimi nilipata matatu: kama tubaki na wilaya tatu au tuache moja, nani atashika kila eneo la kazi, na fedha zigawanywe vipi kwa robo za mwaka.

Kisha jiulize kila uamuzi unahitaji watu gani wawepo ana kwa ana. Hapa uwe mkweli. Kama uamuzi unahitaji wakuu wa idara watano tu, basi huna hoja ya kusafirisha watu 24. Waite hao watano ofisini, wape chai, mmalize. Kwetu suala la wilaya ndilo lililohitaji wote, maana maofisa wa uwanjani walikuwa na taarifa ambazo hazipo kwenye ripoti, na wao ndio wangehamishwa vituo.

Taarifa za utekelezaji, yaani zile za "idara yangu mwaka huu ilifanya hivi na hivi", hazihitaji hoteli. Mwaka ule tulizisikiliza kwa Zoom wiki moja kabla, asubuhi mbili, kila idara dakika ishirini. Hilo peke yake liliondoa siku nzima kwenye ratiba, na siku nzima ya watu 24 ndiyo kipande kikubwa kuliko kingine chochote utakachoweza kukata.

Hatua ya pili: ipange posho kwanza, mengine yatafuata

Kwenye bajeti ya kikao kazi hapa kwetu, hela haiishii kwenye ukumbi. Inaishia kwenye posho. Nenda kaangalie bajeti yako ya zamani, utaona.

Rasimu yangu ya kwanza ilimpa kila mtu posho kamili ya kujikimu, 120,000 kwa siku, siku tatu: 8,640,000. Posho hiyo kwa sera yetu inahesabiwa kuwa ni ya malazi na chakula. Lakini kwenye mstari wa pili nilikuwa nimeweka kifurushi cha mkutano cha hoteli, 45,000 kwa kichwa kwa siku, ambacho ndani yake kuna ukumbi, projekta, maji, chai mara mbili na chakula cha mchana. Maana yake chakula cha mchana nilikilipia mara mbili, na mkurugenzi yeyote aliyewahi kupitia ritaya, yaani marejesho ya hesabu za fedha zilizotumika, anakiona kitu hicho kabla hajamaliza ukurasa. Akishakiona, haamini tena namba nyingine yoyote uliyoandika.

Njia safi ni kuchagua moja. Ama unampa mtu posho kamili na anajitafutia pa kulala na kula, ama ofisi inalipa hoteli moja kwa moja na mtu anabaki na posho ya matumizi madogo tu. Sisi tulichukua ya pili. Chumba na kifungua kinywa ilikuwa 70,000, chakula cha jioni 20,000, posho ya matumizi madogo 20,000 kwa usiku. Jumla 110,000 kwa kila usiku mmoja. Ukiangalia haraka utasema tofauti na 120,000 ni ndogo, lakini posho kamili tulikuwa tunailipa kwa siku, hata siku ya kurudi ambayo mtu analala kwake, wakati chumba kinalipwa kwa usiku. Kwa siku tatu na usiku mbili, 8,640,000 inashuka mpaka 5,280,000.

Sasa, tusidanganyane. Posho kwa watumishi wengi ni ada ya shule ya Januari. Wapo wanaolala wawili chumba kimoja nyumba ya wageni ya bei nafuu ili wabakize chochote, na wana haki, maana ni hela waliyopewa. Ukiibadilisha bila kuwaambia, watafika kikaoni wamenuna, na kikao chako kitakuwa kimekufa asubuhi ya kwanza. Mimi niliwaambia mapema, wiki tatu kabla, kwa barua pepe yenye hesabu nzima, kwamba mwaka huu ofisi inalipa hoteli na mkononi mtu atapata kiasi fulani. Manung'uniko yalikuwepo. Dereva mmoja alikuja mezani kwangu akasema, "Dada, mmetukata Krismasi." Sikuwa na jibu zuri, ila alau alijua kabla hajaikopea.

Hatua ya tatu: kusanya profoma, kisha uzisome

Omba profoma kwa hoteli tatu, tarehe ileile, idadi ileile, vitu vilevile. Ukimwambia mmoja "watu 24 siku mbili" na mwingine "watu 24, vyumba, na chakula cha jioni", hutaweza kuzilinganisha na mkurugenzi atakuuliza kwa nini ya kwanza ni rahisi.

Ukizipata, kuna mambo mawili ya kutafuta. La kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani. Chini kabisa ya profoma, mara nyingi kwa herufi ndogo, kuna maneno yanayosema kama bei imejumuisha kodi au haijajumuisha. Kwa Tanzania bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Bili yetu ya hoteli ya siku mbili ilikuwa 4,320,000. Kama bei zingekuwa bila kodi, ingeongezeka 777,600, wakati fungu zima la dharura lilikuwa 312,000. Kosa la namna hii halifichiki. Linakulazimu urudi kwa mkurugenzi kuomba nyongeza ukiwa tayari umeshalala hotelini.

La pili ni idadi ya uhakika. Hoteli inapika kulingana na idadi uliyothibitisha, na hiyo ndiyo itakayokutoza hata wakija pungufu. Kwenye watu 24, daima kuna mmoja mwenye msiba na mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Kwa hiyo nilithibitisha 22, na kwenye barua ya kuweka nafasi nikaomba waandike kwamba watakaozidi, mpaka 24, watalipiwa bei ileile. Walikubali bila shida. Ungeomba kitu hicho siku ya kuwasili, wasingekubali.

Kuhusu mji: Morogoro haikuchaguliwa kwa sababu ya milima. Ni katikati ya Dar na Dodoma, na treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa 13,000. Rasimu ya kwanza ilikuwa na basi la kukodi la milioni mbili. Nikalifuta, nikaweka 50,000 kwa kila mtu kwenda na kurudi, na humo imo bajaji ya kutoka nyumbani mpaka stesheni na teksi ya kutoka stesheni ya Morogoro, ambayo ipo Kihonda, mbali kidogo na mjini. Wengi husahau vipande hivyo vya mwanzo na mwisho, kisha wanashangaa kwa nini watumishi wanadai.

Mwezeshaji wa nje na fulana zenye nembo, vyote kwa pamoja 2,100,000, vilitoka bila mjadala. Mwezeshaji anastahili pale ambapo mkurugenzi mwenyewe ni sehemu ya mgogoro unaojadiliwa. Kwetu haikuwa hivyo. Fulana hazistahili kamwe.

Hatua ya nne: piga hesabu ya kubaki ofisini

Hii ndiyo hatua inayobadilisha mazungumzo. Mkurugenzi mbana matumizi kichwani mwake analinganisha bajeti yako na sifuri, kwa sababu anadhani kikao kikifanyika ofisini ni bure. Si bure. Watu wanane wa Dodoma watahitaji nauli na posho, na wote 24 watakula. Kwa hiyo mpe bei halisi ya kubaki.

Kwetu, siku mbili ofisini Dar zilikuwa hivi: posho za wanane kwa usiku mbili 1,920,000, nauli zao na teksi 800,000, chai na chakula cha mchana 960,000, karatasi na kalamu 240,000. Ukiongeza asilimia 5 ya dharura unapata 4,116,000.

Nikiri kosa langu hapa. Mara ya kwanza nililinganisha siku tatu za ofisini na siku mbili za Morogoro, na tofauti ikaonekana ndogo ya kupendeza, chini ya milioni moja. Mhasibu wetu akaniuliza kwa upole, "Mbona huku siku tatu na huku siku mbili?" Afadhali aliuliza yeye. Linganisha siku kwa siku, hata kama inaumiza.

Hii ndiyo bajeti ya Morogoro iliyopelekwa:

| Kipengele | Hesabu | Jumla (shilingi) |
|---|---|---|
| Chumba na kifungua kinywa | 70,000 × 24 × usiku 1 | 1,680,000 |
| Kifurushi cha mkutano | 45,000 × 24 × siku 2 | 2,160,000 |
| Chakula cha jioni | 20,000 × 24 × 1 | 480,000 |
| Posho ya matumizi madogo | 20,000 × 24 × 1 | 480,000 |
| Nauli | 50,000 × 24 | 1,200,000 |
| Vifaa | | 240,000 |
| Dharura, asilimia 5 | | 312,000 |
| Jumla | | 6,552,000 |

Tofauti na ofisini ni 2,436,000. Hiyo sasa ndiyo namba ya kutetea. Huombi tena milioni sita na nusu. Unaomba milioni mbili na laki nne, na unatakiwa kusema zinanunua nini.

Hatua ya tano: tafuta ushahidi kwenye mafaili ya ofisi yako

Usiende na makala za mtandaoni zinazosema vikao vya nje huongeza tija kwa asilimia fulani. Mkurugenzi hana ofisi huko. Nenda kwenye mafaili yenu.

Mimi nilitoa vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ya mahudhurio ya kikao cha mwaka uliotangulia, kilichofanyika kwenye ukumbi wetu wenyewe ghorofa ya pili. Bahati nzuri ilikuwa na safu ya muda wa kuingia. Siku ya pili kikao kilitakiwa kuanza saa tatu asubuhi. Jina la kwanza limeandikwa saa tatu na dakika tano, la kumi na tisa saa tano kasoro robo. Si uvivu. Mmoja alipita benki, mwingine aliitwa mapokezi kuna mgeni, wa tatu alikwama Ubungo kwenye foleni. Karatasi ile niliinakili na kuiambatisha kama ilivyo, na doa lake la chai.

Cha pili kilikuwa kizito zaidi. Kwa sababu kikao kile hakikumaliza mgawanyo wa fedha, watu sita wa Dodoma waliitwa tena Dar mwezi uliofuata, usiku mbili. Ritaya zao zilikuwepo kwenye faili: kila mmoja 340,000 kwa posho na nauli, jumla 2,040,000. Yaani kikao cha "bure" kilikuwa kimekula karibu tofauti yote ninayoiomba.

Kama ofisi yako haina ushahidi wa namna hii, kama mwaka jana mlikutana ofisini na mkamaliza kwa muda, basi huna hoja ya kwenda nje mwaka huu. Usilazimishe. Anza leo kuweka safu ya muda kwenye karatasi ya mahudhurio, mwakani utakuwa nayo au utajua huihitaji.

Hatua ya sita: dokezo la ukurasa mmoja

Mkurugenzi wa aina hii hasomi kurasa sita. Pia anaogopa kitu ambacho hakisemi: kuonekana. Kwa Tanzania, neno "hoteli" kwenye maombi ya fedha lina harufu tangu Novemba 2015, Rais Magufuli alipoagiza sehemu kubwa ya fedha za hafla ya ufunguzi wa Bunge ikanunue vitanda vya Muhimbili. Hata kwenye asasi binafsi, bodi na wafadhili wanaweza kuuliza swali lilelile. Kwa hiyo dokezo lako liandikwe kama kitu ambacho yeye ataweza kumsomea mwenyekiti wa bodi bila kuona haya. La kwangu lilikuwa hivi:

> Naomba idhini ya 6,552,000 kwa kikao kazi cha siku mbili Morogoro, watumishi 24. Kifungu cha bajeti kina salio la kutosha.
>
> Kikao kitatoa maamuzi matatu: wilaya za kubaki nazo, mgawanyo wa majukumu, na bajeti kwa robo za mwaka. Mpango kazi uliokamilika utakuwa mezani kwako siku tano za kazi baada ya kurudi.
>
> Njia mbadala: kufanyia ofisini kutagharimu 4,116,000. Mwaka jana tulifanyia ofisini, tukalazimika kuita watu sita tena kwa 2,040,000 (ritaya zimeambatishwa). Siku tatu Morogoro ni 10,458,000, siipendekezi.
>
> Kisichotumika kitarejeshwa, na ritaya itawasilishwa ndani ya siku saba.

Angalia ile njia ya siku tatu. Niliiweka ili aone kwamba nilishakata mwenyewe kabla hajakata yeye. Mtu aliyezoea kupunguza kila bajeti kwa robo hutafuta mahali pa kupunguza. Akikuta pameshapunguzwa na hesabu inaonekana, mkono unakosa kazi. Ila usije ukaongeza namba makusudi ili akate. Akikugundua mara moja tu, utalipa miaka mingi.

Peleka dokezo wiki tano au sita kabla, na usilipeleke siku mhasibu anapofunga mwezi. Alichoniuliza kilikuwa kimoja: "Na wasipomaliza?" Nikamjibu kwamba ratiba ina uamuzi wa wilaya asubuhi ya siku ya kwanza, si mwisho, ili mgumu umalizike watu wakiwa na nguvu, na jioni ile ya kulala Morogoro ni nafasi ya ziada kama utasumbua. Ofisini Dar saa kumi na moja kila mtu anakimbilia daladala. Akasaini.

Hatua ya saba: ritaya ndiyo bajeti ya mwakani

Chukua masurufu kwa vitu vya mkononi tu, yaani nauli, posho ndogo na vifaa. Hoteli ilipwe kwa benki, na usiondoke bila risiti ya EFD yenye jina la ofisi. Kurudi kuifuata Morogoro ni nauli nyingine. Kila anayepokea hela asaini palepale anapoipokea, maana kuwatafuta wiki ya pili ni adhabu.

Tulifika watu 23. Suala la wilaya lilitusumbua kweli, likavuka chakula cha mchana na likamalizikia mezani usiku, wali na samaki vimepoa. Matumizi yote yalikuwa 5,875,000. Nilirudisha 677,000 benki, nikabandika stakabadhi ya benki juu kabisa ya faili la ritaya, na mpango kazi nikauweka chini yake. Siku ya nne mkurugenzi aliniita. Hakuzungumzia mpango kazi. Alishika ile stakabadhi akaniuliza kama Bagamoyo ingekuwa rahisi zaidi. Nikamwambia kwa watu wa Dar ndiyo, kwa wa Dodoma hapana, na kwamba nitamletea hesabu zote mbili.